Kiwanja chenye hati mbali au kisicho na hati karibu na mjini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Tanzania Bara. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam na pembezoni mwake, kwa kuwa huko ndiko watu wengi hujikuta na fedha ya kutosha kitu kimoja tu: hati ya Chanika au Mlandizi, ama kipande cha Goba au Kinyerezi chenye karatasi ya serikali ya mtaa.

## Mambo ya msingi

1. Hati inanipa nini hasa ambacho karatasi ya mtaa hainipi?

Ardhi yote nchini ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mwananchi anamiliki haki ya kuitumia kwa muda, na kwa kiwanja cha mjini muda huo huwa miaka 33, 66 au 99. Hati ndiyo ushahidi kwamba haki hiyo imetolewa kwako, kwa kiwanja chenye namba, kitalu na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na kwamba jina lako limo katika daftari la Msajili wa Hati. Mtu mwingine akija na madai, daftari hilo ndilo linaloangaliwa kwanza.

Karatasi ya mtaa ni mkataba wa mauziano. Inathibitisha kwamba fulani alikuuzia wewe mbele ya mashahidi. Haithibitishi kwamba fulani huyo alikuwa na cha kuuza. Mhuri wa mwenyekiti hauongezi haki ambayo muuzaji hakuwa nayo, na hapo ndipo wengi wanapoumia: wanauona muhuri, wanalala usingizi.

2. Kwa hiyo kisicho na hati ni haramu?

Hapana. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilijengwa hivyo, na sheria inamtambua mtu aliyenunua au kurithi eneo ambalo halijapimwa. Mkataba wa maandishi unatambuliwa, na serikali ikitwaa eneo kwa manufaa ya umma mwenye nalo hulipwa fidia (swali la 12).

Swali la kujiuliza ni kwa nini kiwanja hicho hakina hati. Majibu ni ya aina tatu, na bei haikuambii ni lipi. Huenda eneo halijafikiwa na upimaji, lakini kwenye mchoro wa mipango miji ni la makazi. Hili linaweza kupata hati siku moja. Huenda limeshapimwa na hati ipo, ila ina jina la mtu mwingine. Au limo mahali ambapo hati haiwezi kutolewa kabisa: hifadhi ya barabara, bonde la mto, eneo la shule, eneo la wazi. La kwanza ni kiwanja, hayo mawili mengine ni kesi. Kazi yote ya ukaguzi katika swali la 6 ni kujua umeshika lipi.

3. Muuzaji anasema "kimepimwa". Je, ni sawa na kuwa na hati?

Si sawa, na neno hili limepoteza fedha za watu wengi kuliko hati bandia. Kuna hatua tatu zinazotamkwa kwa neno hilohilo.

Ya kwanza ni shamba lililolimwa barabara kwa greda na kupigwa vigingi vya mbao. Hapo hakuna upimaji wowote unaotambuliwa. Ya pili ni eneo lenye mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa na ramani ya upimaji iliyosajiliwa, na mawe ya mipaka ya zege yenye namba ardhini. Hicho kimepimwa kweli, ila hati bado. Ya tatu ni kiwanja chenye hati.

Muuzaji akikwambia kimepimwa, mwombe namba ya kiwanja, kitalu, na namba ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa. Akikupa namba za kiwanja pekee, zile zilizoandikwa kwa rangi kwenye kigingi, uko kwenye hatua ya kwanza. "Hati ipo kwenye mchakato" nayo ipimwe hivyohivyo: mchakato wa kweli una ramani iliyosajiliwa na malipo yaliyofanywa kwa namba ya malipo ya serikali.

4. Leseni ya makazi ni nini? Inatosha?

Ni haki ya muda mfupi inayotolewa kwa wakazi wa maeneo yasiyopangwa. Hudumu miaka michache na lazima ihuishwe. Ni bora kuliko kutokuwa na chochote, maana jina lako na eneo lako vimeandikwa halmashauri, na baadhi ya wakopeshaji huipokea. Lakini ukinunua kwa mtu mwenye leseni, hakikisha haijaisha muda, na usiilipe kwa bei ya hati.

## Kukagua kabla ya kulipa

5. Nakaguaje hati ya kiwanja cha mbali?

Omba nakala ya hati, kisha fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa husika. Majibu yataonyesha jina la mmiliki, muda wa hati, na kama kuna rehani au zuio. Usitumie dalali kukuletea majibu, nenda mwenyewe au mtume wakili unayemlipa wewe. Jina likiwa la marehemu, soma swali la 13.

Kisha angalia kodi ya pango la ardhi. Hati ya kweli inaweza kuwa na malimbikizo ya miaka kumi, na deni linafuata kiwanja. Soma pia masharti. Hati nyingi za makazi humtaka mmiliki awe amejenga ndani ya miezi 36. Watu huyapita masharti hayo kila siku, lakini kuyakiuka kunaipa serikali sababu ya kuanza kubatilisha miliki, na viwanja vya mbali vilivyoachwa pori ndivyo vinavyoathirika.

Mwisho, nenda na mpima mwenye leseni akafukue mawe. Hati haisemi kiwanja kiko chini ya mwembe upi, inasema mawe yake yako kwenye viwianishi gani, yaani namba zinazotaja mahali kila jiwe lilipo. Kuonyeshwa kiwanja cha jirani chenye mwonekano mzuri ni jambo la kawaida katika maeneo ambayo bado ni vichaka.

Onyo dogo kwa wanaojikagua kwa simu: ramani nyingi za zamani za upimaji zimetumia mfumo wa viwianishi uitwao Arc 1960, na simu inatumia WGS 84. Ukichukua namba za ramani moja kwa moja ukaziingiza kwenye simu, utapelekwa mita 300 hivi mbali na kiwanja. Watu wamewahi kufarakana na muuzaji mkweli kwa sababu hiyo.

6. Na kisicho na hati nakikagua vipi?

Anza kwa kuchukua viwianishi vya kona zote nne, ukiwa na mpima. Vipeleke idara ya ardhi ya halmashauri, uombe viwekwe juu ya mchoro wa mipango miji na ramani za upimaji zilizopo. Hii ndiyo hatua inayotofautisha zile aina tatu za swali la 2, na ni nafuu mno ukilinganisha na bei ya kiwanja. Uliza mambo mawili kwa maneno haya: eneo hili limepangwa kwa matumizi gani, na je, kuna upimaji wowote uliolifunika?

Baada ya hapo pima mwenyewe umbali ambao sheria inaukataza. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5, ndiyo maana utakuta nyumba za zamani zimewekewa alama ya X ilhali mwenye nazo anaapa alijenga nje ya hifadhi. Kwa mito, maziwa na bahari, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Bonde la Msimbazi limefundisha somo hili mara nyingi.

Ndipo uende kwa majirani, bila muuzaji. Waulize wanampakana nani, na ni nani aliyelima hapo kabla. Jirani ambaye hataki kusaini mkataba kama shahidi wa mpaka mara nyingi ana sababu.

7. "Ishirini kwa ishirini" ni ukubwa gani?

Inategemea ni mita au hatua, na anayepiga hatua ni nani. Hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua 20 ni mita 15. Mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400, hatua 20 kwa 20 ni 225. Karibu nusu ya kiwanja imepotea na hakuna aliyedanganya. Beba futi kamba, pima pande zote nne pamoja na mshazari, kisha andika vipimo hivyo kwa mita kwenye mkataba. Ule mshazari ndio utakaokuonyesha kama kona zimepinda.

8. Ofisi ya mtaa inadai asilimia 10 ya bei. Nilipe?

Uliza kanuni inayoihalalisha, na udai namba ya malipo ya serikali pamoja na stakabadhi. Vikikosekana vyote, huo si ushuru. Uhalali wa mauziano unatokana na mkataba wa maandishi, haki ya muuzaji na ridhaa za wanaohusika. Hata hivyo kuifahamisha ofisi ya mtaa ni busara, kwani wao ndio wanaojua kama kiwanja kimeuzwa mara mbili mwezi huohuo.

## Gharama na hesabu

9. Kipi ni nafuu kweli, ukijumlisha yote?

Hesabu inageuka kulingana na jambo moja: utahamia lini. Tuchukue mfano wa kubuni, bei zikiwa za kukokotolea tu.

Kiwanja A kina hati, mita za mraba 600, kilomita 40 kutoka kazini, bei milioni 12. Kiwanja B hakina hati, kinatajwa kuwa ishirini kwa ishirini, kilomita 12 kutoka kazini, bei milioni 22. Tofauti ni milioni 10.

Futi kamba inaonyesha B ni mita 17 kwa 18, yaani 306. Bei ya mita ya mraba, ambayo muuzaji aliifanya ionekane 55,000, sasa ni kama 72,000. Ya A ni 20,000. Halafu halmashauri inasema urasimishaji, yaani kazi ya kupanga na kupima mitaa iliyojengwa bila mpango, ukifika mtaa huo, kichochoro cha mbele kitapanuliwa na mita 2 zitakatwa upande wa mita 18. Zinabaki 270. Hapo una haki ya kurudi mezani kujadili bei, ukiwa na karatasi mkononi.

Upande wa A, weka milioni 4 za uhamisho wa hati, umeme na maji. Tofauti inashuka hadi milioni 6. Watu wazima wawili wanaotoka A kwenda kazini wanatumia, tuseme, shilingi 3,000 zaidi kila mmoja kwa siku kuliko wangetoka B. Kwa siku 25 ni 150,000 kwa mwezi, au milioni 1.8 kwa mwaka. Zile milioni 6 zinaliwa na nauli kwa miaka mitatu na miezi minne.

Kwa familia inayojenga mwaka huu na kuhamia, B iliyokaguliwa vizuri inashinda kifedha kabla watoto hawajamaliza shule ya msingi, na hapo hatujahesabu saa za barabarani. Kwa anayejua kwamba hatajenga kabla ya miaka minane, nauli haipo, na A inashinda bila ubishi. Kosa linalojirudia ni mtu kununua A kwa bei ya "nitahamia mwakani", kisha kuendelea kupanga mjini kwa miaka kumi huku akilipa kodi mbili, ya nyumba na ya pango la ardhi.

10. Gharama zipi za kiwanja cha mbali husahaulika?

Uhamisho wa hati kwanza. Kuna uthamini, ada za serikali, ushuru wa stempu wa asilimia 1, na kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkaazi ni asilimia 10 ya faida ya muuzaji. Kodi hiyo ni ya muuzaji, lakini asipoilipa uhamisho hauendi. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini, na bakiza sehemu ya bei hadi uhamisho ukamilike.

Pili ni umeme. TANESCO hukadiria kwa umbali na idadi ya nguzo, na ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo iliyopo hakuna nguzo mpya. Kabla ya kununua tafuta nguzo ya mwisho na upime kutoka hapo. "Umeme umefika" husemwa pia pale ulipofika barabara kuu tu.

Tatu, maji na njia. Waulize waliochimba visima jirani kina chao na kama maji ni ya chumvi. Tembelea eneo wakati wa masika, kwani mchoro unaonyesha barabara ya mita 10 ambayo ardhini bado ni mfereji. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulitoa viwanja safi, vyenye hati, katika maeneo kama Buyuni, na vingi vilikaa miaka mingi bila kujengwa kwa sababu huduma hazikwenda kwa kasi ya hati.

11. Benki itanikopesha kwa kipi?

Kwa rehani ya kawaida, kiwanja A cha swali la 9. Benki inasajili rehani kwenye daftari, na kisichokuwa kwenye daftari hakina pa kusajiliwa. Kwa B utabaki na taasisi ndogo zinazopokea leseni au mkataba wa mtaa, kwa kiasi kidogo na riba ya juu. Kama mpango wako wa kujenga unategemea mkopo mkubwa, swali la 9 limeshajibiwa.

## Hali zisizo za kawaida

12. Serikali ikichukua eneo, nisiye na hati nalipwa?

Ndiyo, ikiwa umiliki wako ni halali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, ikijumuisha thamani ya ardhi, maendelezo, na posho za usumbufu na usafiri. Asiye na hati hupambana zaidi kwenye kuthibitisha mipaka, kwa hiyo tunza mkataba, vipimo na picha. Aliyejenga ndani ya hifadhi baada ya hifadhi kuwekwa ana hali tofauti: huyo mara nyingi huondolewa bila fidia.

13. Muuzaji ameoa, au kiwanja ni cha urithi?

Kwa nyumba ya familia, ridhaa ya mwenza ni lazima, iwe na hati au la. Asaini mwenyewe mbele ya wakili. Kwa urithi, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa barua ya uteuzi. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu, hakimfanyi mtu kuwa msimamizi. Warithi wote nao wasaini, hata yule aliye Mwanza.

14. Kiwanja cha mbali kiko kwenye ardhi ya kijiji. Hati hiyo ni ipi?

Kama karatasi ni hati ya hakimiliki ya kimila, inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kuiuza kwa asiye mwanakijiji kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Omba muhtasari wa kikao chenye saini za waliohudhuria. Jihadhari na kampuni inayokata viwanja vidogo kwenye ardhi ya kijiji na kuahidi hati za miaka 99, maana ardhi hiyo lazima kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla.

15. Nikinunua cha mbali na kukiacha, mtu anaweza kukichukua?

Ukomo wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12. Mtu akikaa humo kwa uwazi muda huo wote nawe umenyamaza, anaweza kukuwekea kesi ngumu. Dawa ni rahisi: panda miti mpakani, lipa pango kila mwaka, na fika mara kwa mara. Ukimwachia mtu alime mahindi, andikianeni kwamba amekaribishwa na wewe. Aliyekaribishwa hawezi kugeuka akadai kwamba ni chake.

16. Nimeshalipa, na sasa mwingine anadai kiwanja hichohicho. Nianzie wapi?

Usijenge usiku ili "kuwahi". Kama kiwanja kina hati, weka zuio kwa Msajili siku hiyohiyo ili kisihamishwe. Kama hakina, kusanya mkataba, risiti na mashahidi wa mpaka. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, au Mahakama Kuu kama thamani ni kubwa. Ukiona hati ya mlalamikaji ni ya kweli na ya zamani kuliko mkataba wako, elekeza nguvu kwa aliyekuuzia: fungua madai ya kurudishiwa fedha, na ripoti polisi kama aliuza akijua.